Kwa Nini Uambiwe Utume Barua Pepe Upya?

Kampuni inapowatangazia wateja kwamba seva yake ya barua pepe ilizimika, wengi hushangaa wakiombwa kutuma upya. Kwa kawaida, seva isipopatikana kabisa, ile ya mtumaji huiweka barua kwenye foleni na kujaribu tena, mara nyingi kwa siku 4 au 5. Ikishindwa, humrudishia mtumaji taarifa. Hasara hutokea pale seva iliyokwisha kupokea barua na kujibu kwa namba 250, yaani imeipokea, inapoharibikiwa diski kabla nakala haijahifadhiwa. Hapo mtumaji hapati onyo lolote. Ndiyo maana tangazo zuri hutaja saa za hitilafu. Fungua folda ya barua zilizotumwa, tafuta za saa hizo, uzitume tena.