Filamu ya Saa Tatu na Usiku Mfupi wa Kedowa

Ndugu zetu walioko Mombasa na Malindi huenda hawajui kwamba huku Kedowa, katika nchi ya majani chai, jua huchwa yapata robo saa baada ya kuchwa kwao. Isha nayo huingia karibu na saa mbili kasorobo. Watu wakishasali na vyombo vikaoshwa, imebaki saa moja tu kabla ya watoto kulala, kwa kuwa wenye kuchuma chai na wenye kwenda shule huamka alfajiri na mapema. Ndani ya saa moja hiyo ndipo familia nyingi hutaka kuiingiza filamu ya *Ar-Risala*, ambayo kwa Kiingereza huitwa *The Message*.

Filamu hii ya mwaka 1976 iliongozwa na Moustapha Akkad, mzaliwa wa Halab nchini Shamu. Nakala yake ya Kiingereza inakaribia saa tatu, na ile ya Kiarabu inazipita. Kwa kipimo chetu cha jioni, hiyo si kazi ya usiku mmoja. Wapo wanaosema ingojewe Jumapili alasiri itazamwe yote kwa mkupuo. Shauri hilo lafaa pwani. Huku mvua hupenda kunyesha alasiri, na ikishapiga juu ya mabati hakuna asikiaye neno hata sauti ikipandishwa hadi mwisho. Kwa hiyo sisi tunaona heri kuigawa. La kuamuliwa ni mahali pa kukata.

Wazee wetu waliohudhuria sinema za Kihindi wanalielewa jambo hili. *Mughal-e-Azam* ya mwaka 1960 inapita saa tatu, na *Sholay* ya mwaka 1975 vilevile, lakini watengenezaji waliyajua mapumziko tangu mwanzo, wakaijenga hadithi ifike mahali pa kupumulia kabla taa hazijawashwa. Nyumbani hakuna wa kuwasha taa. Mtu hukata saa inapogonga, au mtoto anapoanza kusinzia, na mara nyingi hukata pabaya.

Katika *Ar-Risala* pabaya pako wazi. Sehemu ya kwanza imejaa mateso ya Makka: Bilal chini ya jiwe, kisha Yasir na Sumayya wanauawa mbele ya mwana wao Ammar. Anayezima hapo kwa kuwa saa moja imetimia humpeleka mtoto kitandani na kifo cha Sumayya machoni. Vumilieni kidogo zaidi. Waislamu wanavuka kwenda Uhabeshi, Jaafar anasimama mbele ya Najashi na kusoma habari za Maryam, na mfalme anachora mstari kwa fimbo yake na kukataa kuwatoa wageni wake. Hapo moyo umetulia, wanaodhulumiwa wamepata mlinzi, na hadithi yenyewe imemaliza pumzi moja. Hicho ndicho kikao cha kwanza. Dakika hazilingani katika kila nakala, basi msiangalie saa, mwangalieni Najashi.

Kikao cha pili huanzia hapo, kikapita kususiwa kwa Waislamu, kufariki kwa Bibi Khadija na Abu Talib, mawe ya Taif, hijra na pango, hadi msikiti unapojengwa Madina na Bilal anapoadhini. Adhana hiyo ndiyo mshono mkubwa wa filamu nzima. Kabla yake ni watu wanaofukuzwa, baada yake ni umma wenye mji wake. Ikiwa lazima pawepo na pengo la siku nyingi kati ya vikao, na huku lazima liwepo kwa sababu ya shule, pengo hilo na liwekwe hapa. Tazameni vikao viwili Ijumaa na Jumamosi, kisha ngojeni hadi Ijumaa ifuatayo. Wiki nzima ikipita baada ya adhana, mtoto hapotezi kitu. Ikipita katikati ya safari ya hijra, atarudi akiuliza nani anamkimbia nani.

Kikao cha tatu ni Badr, na mwisho wake mwema si ushindi wenyewe, bali ni mateka wanaoahidiwa uhuru wakiwafundisha Waislamu kusoma. Cha nne huanza na Uhud. Hapa msikate kabisa, kwa kuwa mkuki wa Wahshi na Hind anapouendea mwili wa Hamza ni mambo mazito kuliko yote yaliyotangulia, na faraja yake iko mbele, katika Hudaybiya na kuingia Makka. Kwa hesabu hii hakuna kikao kinachopita saa moja kwa mengi. Mwenye watoto wadogo sana aweza kuiacha Uhud hadi watakapokua; kuficha sura kwa mto si dawa, maana sauti huingia masikioni.

Yapo mambo mawili ambayo kugawanya filamu huyazidisha ugumu. La kwanza ni nakala. Akkad alipiga kila tukio mara mbili kwa waigizaji mbalimbali. Katika Kiingereza Hamza ni Anthony Quinn na Hind ni Irene Papas. Katika Kiarabu ni Abdullah Gaith na Muna Wassef. Nyumba inayoanza na flashi ya jirani kwa Kiingereza, kisha ikamalizia kwa diski ya Kiarabu, humkuta Hamza ana uso mwingine, na watoto hudhani ni mtu mpya. Chagueni moja tangu mwanzo. Kwa nyumba yenye bibi asiyejua Kiingereza wala Kiarabu, atakayefasiri ahitaji nafasi ya kusimamisha picha, basi ongezeni robo saa kwa kila kikao.

La pili ni jinsi filamu ilivyopangwa. Mtume wetu (s.a.w.) haonyeshwi wala sauti yake haisikiki. Waigizaji wanapoitazama kamera na kusema nayo, wanasema naye. Mtoto aambiwe hili kabla ya kikao cha kwanza, na akumbushwe kabla ya cha tatu. Tena filamu hufunguka kwa wapanda farasi wanaopeleka barua kwa wafalme, tukio ambalo kwa tarehe lilikuja baada ya Hudaybiya. Kwa anayetazama kwa mkupuo, hilo ni pambo la mwanzo tu. Kwa anayetazama kwa wiki mbili, limekwisha sahaulika litakapofika zamu yake. Sisi tungeshauri katika kikao cha nne, baada ya Hudaybiya, mrudi mwanzo mzitazame dakika zile za wapanda farasi, kisha mwendelee.

Umeme huku hukatika bila kubisha hodi, na mashine nyingi husahau mahali zilipoishia diski ikitolewa. Mtoto mmoja apewe kazi ya kuandika kwenye daftari saa na dakika zinazoonekana kwenye skrini kila tukio jipya linapoanza. Mnaporudi, anzeni dakika tatu nyuma ya pale alipoandika, na yeye ndiye asimulie kwa ufupi yaliyopita. Akikwama, rudini nyuma zaidi.

Limebaki suala la baba aliye zamu ya usiku kiwandani, ambaye wiki moja yuko na wiki ya pili hayuko. Nyumba moja jirani na sisi walikata shauri kwamba vikao viwili vya mwanzo vitazamwe bila yeye na vile viwili vya mwisho vimngoje, kwa kuwa ya Makka anayajua tangu madrasa, bali Badr na Uhud alitaka kuwaeleza wanawe kwa mdomo wake. Mama wa nyumba hiyo, mzaliwa wa Lamu, ndiye aliyeificha rimoti wiki ile ya kungoja.