Rafiki Anayesubiri Matokeo ya Kidato cha Nne

Mtihani wa kidato cha nne nchini Tanzania hufanyika Novemba, na kwa kawaida Baraza la Mitihani, NECTA, hutangaza matokeo Januari. Katikati hapo mtahiniwa hana la kufanya. Karatasi ziko kwa wasahihishaji, na hakuna bidii inayoweza kuongeza alama hata moja. Ndiyo maana kumwambia "utafaulu tu, wewe ni kichwa" hakumtulizi. Anayeambiwa hivyo hubaki na hofu yake, na juu yake hubeba aibu ya kumwangusha aliyemwamini. Swali la "vipi, yametoka?" nalo, likiletwa kila asubuhi, ni msukumo ule ule, sawa na kumsambazia uvumi kwamba yanatoka kesho.

Kinachosaidia zaidi ni kumsikiliza kwanza, kisha kusema lililo kweli. Tuseme rafiki analia kwamba hesabu imemshinda na kwa hiyo atapata sifuri. Kumbishia kwamba hakufeli ni kubahatisha, maana hakuna aliyeona karatasi yake. Lakini utaratibu wa madaraja unajulikana: huhesabiwa masomo saba aliyofanya vizuri zaidi, A ikiwa pointi 1, B 2, C 3, D 4 na F 5. Daraja sifuri ni pointi 34 au 35. Aliyefanya masomo manane, akapata F ya hesabu, C nne na D tatu, ana pointi 24, mbali kabisa na sifuri. Kwa hiyo rafiki anaweza kumjibu: "Sijui umepata nini, na inaonekana hesabu imekuumiza kweli. Ila F moja peke yake haileti sifuri." Hesabu hiyo iishie hapo. Ikigeuzwa kuwa utabiri wa daraja, inakuwa ahadi ile ile kwa sura nyingine.

Baada ya hapo mazungumzo yahamie kwingine: mpira, kazi za nyumbani, safari ya sokoni. Anayesubiri huwa hachoki kuulizwa kama amekula.

Siku yenyewe ina mtego wake. Matokeo huwekwa mtandaoni kwa orodha ya shule nzima, hivyo mwenye namba ya mtahiniwa anaweza kuyaona kabla ya mwenyewe. Hili ni kosa baya kuliko ahadi zote, hata likifanywa kwa furaha. Afadhali kumuuliza mapema: anataka kufungua peke yake, au na mtu pembeni? Jibu lake liheshimiwe, hata akikaa siku mbili bila kusema.

Akianza kukosa usingizi mfululizo, kukataa chakula au kusema bora asingekuwepo, hiyo si siri ya marafiki wawili. Mzazi, mlezi au mwalimu anayeaminika aambiwe siku hiyo hiyo, na mwenzake asiachwe peke yake.