Kusoma Kivuli: Picha ya Eksirei ya Kifua Hatua kwa Hatua

Picha ya eksirei si picha kama ile ipigwayo kwa kamera. Ni kivuli. Mionzi hutoka katika mashine, hupenya mwili, na ile iwezayo kufika upande wa pili huacha alama yake kwenye filamu au kwenye bamba la kompyuta. Mahali pafikapo mionzi mingi huwa peusi. Mahali ambapo mionzi imezuiwa hubaki peupe. Hivyo ndivyo ilivyokuwa tangu mwaka 1895, Wilhelm Röntgen alipoigundua mionzi hiyo huko Ujerumani, na hivyo ndivyo ilivyo hata leo ambapo hospitali nyingi husoma picha kwenye kioo cha kompyuta badala ya filamu.

Kwa sababu hiyo daktari aitazamapo picha ya kifua haoni ugonjwa. Huona vivuli, na kivuli kimoja chaweza kuletwa na mambo mengi. Ndiyo maana usomaji wake hufuata utaratibu maalumu, ambao kila hatua humkinga msomaji asidanganywe katika hatua ifuatayo.

Tuufuate utaratibu huo kwa mfano tuliouunda kwa ajili ya mafunzo. Mpasua mbao wa Makambako, mwenye umri wa miaka 34, amekohoa kwa muda wa wiki sita. Amekonda, na usiku hutokwa na jasho hata shuka zikalowa. Katika nyanda hizi za juu, ambako asubuhi ni baridi na watu huota moto ndani ya nyumba, ni rahisi kusema kwamba kikohozi ni cha baridi au cha moshi. Lakini jasho la usiku na kukonda havielezwi na moshi. Anapigwa picha Makambako, kisha anapanda basi kwenda Njombe, safari ya kilomita zipatazo 60, akiwa na picha yake ndani ya bahasha.

Hatua ya kwanza: picha hii ni ya nani?

Kabla ya kutazama mapafu, daktari husoma jina, tarehe na alama ya upande. Herufi R huonyesha upande wa kulia wa mgonjwa. Picha huwekwa kana kwamba mgonjwa anamkabili msomaji. Kwa hiyo pafu la kulia huonekana mkono wa kushoto wa msomaji. Wanafunzi wengi hutatizwa na jambo hili mwanzoni. Picha ikigeuzwa, moyo nao utaonekana kuelekea kulia, na matibabu yaweza kuelekezwa upande usio wenyewe.

Hatua ya pili: picha hii yaaminika?

Hapa daktari huuliza maswali matatu. La kwanza: je, mgonjwa alisimama sawasawa? Hutazama ncha za ndani za mitulinga miwili na kuzilinganisha na miiba ya uti wa mgongo iliyo katikati. Umbali ukiwa sawa pande zote mbili, mgonjwa hakupinda. Akiwa amepinda, pafu moja litaonekana jeusi kuliko jingine, na bomba kuu la hewa litaonekana limesogea, hali mwilini liko mahali pake.

Swali la pili: je, alivuta pumzi ya kutosha? Daktari huhesabu mbavu za nyuma zilizo juu ya kiwambo, yaani msuli utenganishao kifua na tumbo. Zikiwa tisa au kumi, pumzi ilitosha. Zikiwa saba tu, mapafu yamebanwa. Sehemu zake za chini zitakuwa na weupe na moyo utaonekana mpana, ingawa mgonjwa hana lolote.

Swali la tatu: je, mionzi ilikuwa ya kiasi? Pingili za uti wa mgongo zapaswa kuonekana kwa shida nyuma ya moyo. Zisipoonekana kabisa, mionzi ilikuwa haba. Zikionekana waziwazi mno, ilizidi, na madoa hafifu ya mapafu yaweza kuwa yamefutika.

Hapa pia hutafutwa vitu visivyokuwa vya mwili. Msuko mnene wa nywele ulioangukia shingoni hutoa kivuli juu ya kilele cha pafu, mahali hasa pahofiwapo kifua kikuu. Kifungo cha sweta asiyotaka mtu kuivua kwa sababu ya baridi huonekana kama doa la mviringo. Ndiyo sababu mpiga picha hushikilia kwamba nguo zivuliwe na nywele zifungwe juu.

Picha ya mpasua mbao wetu ni nzuri: mitulinga imelingana, mbavu tisa zahesabika, pingili zaonekana kwa mbali. Basi lolote litakaloonekana sasa halina budi kutafutiwa maelezo.

Hatua ya tatu: kufahamu rangi na mipaka

Hewa ni nyeusi. Mafuta ya mwili ni kijivu cheusi. Maji, damu na misuli vyote ni kijivu kimoja, kwa kuwa huzuia mionzi kwa kiasi kinachokaribiana. Mfupa ni mweupe, na chuma ni cheupe kupita vyote. Mapafu huwa meusi kwa sababu yamejaa hewa. Pakiwa na weupe ndani yake, maana yake hewa imeondoka na kitu kingine kimeshika nafasi yake. Picha haisemi kama ni usaha, damu au maji.

Mpaka huonekana pale tu vitu viwili visivyolingana vinapokutana. Mwalimu aweza kuonyesha jambo linalofanana na hili darasani kwa mwanga wa kawaida. Chukua kijiti cha kioo cha maabara kisichopasuka kwa moto, ukitumbukize katika maji: kitaonekana. Kisha kitumbukize katika mafuta ya alizeti: sehemu iliyozama karibu itatoweka, kwa sababu mwanga hupinda kwa kiasi kilekile katika kioo hicho na katika mafuta. Ukingo wa moyo nao huonekana kwa kuwa umepakana na hewa ya pafu. Pafu lililo kando ya moyo likijaa usaha, ukingo huo hutoweka, na kwa kutoweka humwambia daktari mahali ugonjwa ulipo.

Hatua ya nne: kuzunguka picha yote

Sasa msomaji huanza katikati na kwenda nje. Hutazama bomba kuu la hewa, kisha moyo, ambao kwa mtu mzima upana wake hauzidi nusu ya upana wa kifua. Kisha hutazama mashina ya mapafu, mahali mishipa ya damu na mabomba ya hewa huingilia. Baada ya hapo hulinganisha pafu la kulia na la kushoto kwa sehemu tatu: juu, kati na chini. Hutazama pembe kali zilizoko kati ya kiwambo na mbavu, ambazo hujaa pakiwa na maji kifuani, na humalizia kwa mifupa na nyama za nje. Mwisho hurudia mahali panapoficha ugonjwa: nyuma ya mitulinga, nyuma ya moyo, na chini ya mstari wa kiwambo.

Katika picha yetu, bomba la hewa limeelekea kulia. Kwa kuwa mgonjwa hakupinda, limesogea kweli. Je, limesukumwa au limevutwa? Maji mengi au hewa nje ya pafu husukuma; pafu lililosinyaa kwa makovu huvuta. Jibu latoka katika mashina ya mapafu. Kwa kawaida shina la kushoto huwa juu kidogo kuliko la kulia. Hapa la kulia ndilo lililo juu. Basi limevutwa kwenda juu, na sehemu ya juu ya pafu la kulia imesinyaa.

Nyuma ya mtulinga wa kulia kuna weupe wa mabakamabaka, na katikati yake duara jeusi lenye upana wa sentimeta tatu na ukuta mnene. Hilo ni tundu: nyama ya pafu imeoza, ikakoholewa nje, na hewa imeingia mahali pake.

Hapa ndipo wasomaji wengi hukosea. Akisha kuona tundu, mtu huridhika na kuacha kutafuta. Msomaji wetu anaendelea, na katika sehemu ya kati ya pafu la kushoto anakuta madoa madogo hafifu. Haya ni muhimu, kwa kuwa ugonjwa ulio katika tundu waweza kusafiri na makohozi kupitia mabomba ya hewa hadi pafu la pili. Kovu la zamani halifanyi hivyo.

Hatua ya tano: kueleza kabla ya kutaja jina

Daktari haandiki kwanza "kifua kikuu". Huandika alichokiona: tundu lenye ukuta mnene katika sehemu ya juu ya pafu la kulia, pafu limesinyaa, madoa mapya katika pafu la kushoto. Kisha huandika maana iwezekanayo: kifua kikuu kinachoendelea ndicho kinachodhaniwa zaidi, ingawa jipu la pafu na saratani huweza kufanya matundu pia. Picha ya zamani, ikiwapo, huletwa ilinganishwe. Na makohozi hupimwa, kwa kuwa ni kijidudu chenyewe kinachothibitisha ugonjwa. Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma, ulioanza mwaka 1977, tangu mwanzo ulitegemea hadubini na makohozi kuliko picha. Siku hizi picha husaidia kuchagua nani apimwe, na mashine zitambuazo vinasaba vya kijidudu hutoa jibu kwa muda wa saa chache.

Picha inaponyamaza

Mkoani Njombe kuna sababu ya kutoitegemea picha peke yake. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2022 na 2023 ulikuta kwamba asilimia 12.7 ya watu wazima mkoani humo wanaishi na virusi vya UKIMWI, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 4.4. Tundu tuliloliona hutokana kwa sehemu kubwa na mapambano ya kinga ya mwili dhidi ya kijidudu. Kinga ikiwa dhaifu, mapambano hayo hupungua, na tundu huenda lisitokee kabisa. Ugonjwa waweza kujitokeza sehemu ya chini ya pafu, ukafanana na kichomi cha kawaida. Waweza kuvimbisha tezi za mashina ya mapafu tu. Waweza kutawanyika katika mapafu yote kama punje za ulezi zilizomwagwa mkekani, kila doa likiwa na upana wa milimeta moja au mbili.

Na pengine picha huwa safi kabisa, hali mgonjwa ana kijidudu katika makohozi. Kwa hiyo mtu anayeishi na virusi hivyo, akiwa anakohoa, hupimwa makohozi hata kama mapafu yake ni meusi pande zote mbili. Kivuli huonyesha kile tu kilichokwisha kubadilika ndani ya pafu. Kisichobadilisha pafu bado hakina kivuli.