Ruthu alisema mara moja, kisha akakaa



Mara nyingi kati ya watu wawili, mmoja anapenda zaidi. Hiyo si dhambi. Shida inaanza wakati yule anayependa zaidi anaanza kumfuatafuata mwenzake. Tuangalie kitabu cha Ruthu.

Katika sura ya 2, Ruthu anaokota masuke katika shamba la Boazi mpaka mwisho wa mavuno ya shayiri na ya ngano. Hakuenda kujionyesha. Boazi alimwona kazini, akasikia pia jinsi alivyomtendea mkwe wake Naomi.

Katika sura ya 3, anasema haja yake kwa Boazi, wazi, mara moja. Hatuwafundishi mabinti kwenda kwa mwanaume usiku. Ile ilikuwa njia ya kumwendea jamaa mwenye haki ya kukomboa. Tunajifunza jambo lililofuata. Boazi akaahidi, lakini akasema yuko jamaa wa karibu kuliko yeye. Akampa vipimo sita vya shayiri apeleke nyumbani. Naomi akamwambia mkwe wake akae, aone neno litakavyokwisha. Ruthu hakumfuata Boazi mpaka langoni, mahali alipokaa na wazee kumi. Kazi ile ilikuwa ya Boazi.

Sasa tuje kwetu Niania. Tuseme kijana anampenda dada wa kwaya. Anamwandikia mesaji, dada hajibu. Kesho anaandika tano, usiku anabipa, anamtumia unite, halafu anamtuma shemasi kumsemea. Mwisho dada anakubali. Lakini amekubali kwa upendo, kwa huruma, ao kwa kuchoka? Kijana hawezi kujua, maana hakumwachia nafasi ya kuja mwenyewe. Ukimpigia mtu kila saa, hutajua kama yeye angekupigia.

Afanye nini basi? Amsalimie kisha mazoezi kama anavyosalimia wengine. Akisikia mama yake ni mgonjwa, aende kumwona pamoja na ndugu wa kanisa. Siku moja amwambie wazi kwamba anatamani kumjua kwa nia ya ndoa, na amwambie ajibu akiwa tayari. Kisha anyamaze juu ya neno hilo. Salamu ziendelee.

Namna ya kujua ni kuangalia shayiri. Ruthu hakungoja mikono mitupu. Alikuwa na ahadi, na Boazi alitenda siku ileile. Je, dada naye anaanza mazungumzo? Anauliza habari zako? Akikosa nafasi leo, anataja siku nyingine? Hiyo ndiyo shayiri. Kama majuma yanapita na wewe peke yako ndiye unayeanza, kimya hicho ni jibu. Na akisema hapana, ni hapana. Usimtume mtu mwingine. Endelea kumsalimia kwa heshima, maana bado ni dada yako katika Kristo.

Mungu awabariki.