Safari ya Kadi A005

Kadi ya kamera inapotoka kwenye kamera ikiwa imejaa, picha zote zilizomo ziko mahali pamoja tu duniani. Kipande hicho cha plastiki kinaweza kudondoka mchangani, kulowa au kurudishwa kwenye kamera kwa bahati mbaya na kufomatiwa. Kazi ya mtu wa data katika lokesheni ni kuitoa kadi kwenye hali hiyo ya hatari, na muda wa kufanya hivyo ni mfupi kuliko wengi wanavyodhani.

Tuifuate kadi moja. Tuseme kikundi kinapiga filamu fupi Bagamoyo kwa kamera moja ya Soni ya aina ya FX3, inayorekodi 4K kwa fremu 25 kwa sekunde katika mfumo wa XAVC S-I. Kwa mpangilio huo kamera huandika megabiti 250 kila sekunde, yaani takriban megabaiti 31. Kwa saa moja ya kurekodi ni gigabaiti 112 hivi, na kadi ya gigabaiti 128 hujaa kwa saa moja na dakika chache.

Kabla kadi haijaingia kwenye kamera inapewa jina. Hapa wengi huchanganya mambo mawili. Kadi yenyewe ina namba yake ya kudumu, iliyoandikwa kwa kalamu isiyofutika: K1, K2, K3. Lakini kila inapoingia kwenye kamera ikiwa tupu inabeba jina jipya: A001, A002, na kuendelea. Herufi A ni kamera ya kwanza, na namba huhesabiwa tangu siku ya kwanza ya filamu hadi ya mwisho bila kuanza upya. Kwa hiyo K2 inaweza kuwa A002 Jumatatu asubuhi na A005 Jumanne mchana. Jina hilo huandikwa kwenye kipande cha teipu kinachobandikwa ubavuni mwa kamera, huandikwa kwenye klapa, na huandikwa kwenye daftari la teki. Kadi ikitoka, teipu inabanduliwa kwenye kamera na kuhamia kwenye kasha la kadi.

Sababu ya usumbufu huu wote ni kwamba kamera nyingi, zikipangwa hivyo, huanza kuhesabu faili upya kila kadi inapofomatiwa. Kadi ya asubuhi ina C0001.MP4, na kadi ya mchana ina C0001.MP4 nyingine tofauti kabisa. Mtu aliyechoka akizivutia zote kwenye folda moja, kompyuta itamuuliza kama abadilishe faili iliyopo. Akibofya ndiyo, teki ya asubuhi imezikwa chini ya teki ya mchana, tena bila onyo jingine. Kama kila kadi ina folda yake yenye jina lake, tuseme SIKU02_A005, swali hilo halitokei kamwe.

Kasha huja kwa mtu wa data likiwa na teipu nyekundu. Nyekundu maana yake kuna picha, isiguswe. Kwa kadi ya aina ya SD, kile kiswichi kidogo cha pembeni kinasukumwa kwenye kufuli kabla ya kadi kuwekwa kwenye kisoma kadi. Kufuli hiyo ni ya adabu tu: kadi haizuii kitu chenyewe, bali humwambia mwenye kuisoma asiandike, na kifaa kibovu kinaweza kupuuza. Kadi za CFexpress hazina hata hicho kiswichi. Ndiyo maana teipu na nidhamu ya watu vinabaki kuwa kinga kuu.

Kisha kunakili. Inanakiliwa kadi nzima, na wala si faili za video peke yake. Ndani ya kadi ya Soni kuna folda PRIVATE, ndani yake M4ROOT, ndani yake CLIP, na pembeni ya kila video kuna faili ndogo ya XML yenye maelezo yake. Anayechomoa video na kuacha mengine huwa amemwondolea mhariri taarifa ambazo baadhi ya programu huzitegemea. Tena inanakiliwa, haihamishwi. Amri ya kukata na kubandika isitumike kabisa, kwa sababu umeme ukikatika katikati utabaki na nusu huku na nusu kule, usijue ipi ni nzima.

Nakala zinakwenda kwenye hadi diski mbili tofauti kwa wakati mmoja. Hadi diski ndogo ya kawaida ya kubebeka huandika takriban megabaiti 100 kwa sekunde, hivyo gigabaiti 128 huchukua dakika 21 hivi. Kagua kebo pia. Kwa njia ya zamani ya USB 2.0, yenye kasi ya kama megabaiti 35, kazi hiyohiyo inafika saa nzima. Na hapo bado hujathibitisha chochote.

Watu wengi huishia hapa. Mstari wa kijani umefika mwisho, ukubwa wa folda unalingana, basi kadi inarudi kwenye kamera. Lakini ukubwa kulingana hauthibitishi kitu kikubwa. Kompyuta inaweza kutenga nafasi kamili ya faili kwenye diski na ndani yake kukawa na sehemu iliyoharibika kwa sababu ya kebo mbovu au diski inayoanza kufa. Faili itaonekana nzima, itafunguka vizuri, halafu dakika ya tatu picha itaganda au itapasuka vipande vya rangi.

Dawa yake ni hashi. Programu husoma faili yote, biti kwa biti, na kuifanyia hesabu inayotoa mfuatano mfupi wa herufi na tarakimu. Kwa hesabu iitwayo MD5 mfuatano huo una alama 32. Ikibadilika biti moja tu kati ya mabilioni, mfuatano wote hubadilika. Hashi ya faili iliyo kwenye kadi ikilingana na ya nakala, nakala ni sahihi. Kompyuta yenyewe inaweza kuitoa, ya kwanza hapa ikiwa ya Windows na ya pili ya Mac:

```
certutil -hashfile C0009.MP4 MD5
md5 C0009.MP4
```

Hakuna anayefanya hivyo faili moja moja kwa siku nzima. TeraCopy hufanya kwa Windows, na DaVinci Resolve, ambayo wahariri wengi tayari wanayo bila malipo, ina Clone Tool inayonakili kadi kwenda diski kadhaa na kuthibitisha. Kwenye filamu zenye bajeti utakuta Silverstack au ShotPut Pro. Zote zinafanya jambo lilelile: zinaisoma nakala upya kutoka kwenye diski baada ya kuiandika. Ndiyo maana muda unakaribia kuongezeka maradufu, na zile dakika 21 zinakuwa 40 na kitu. Ukithibitisha kwa mkono, chomoa diski kwa utaratibu na uichomeke tena kwanza. Usipofanya hivyo kompyuta inaweza kukusomea kilichobaki kwenye kumbukumbu yake ya muda badala ya kilichoandikwa kwenye diski.

Hashi zisipolingana, usifute wala kuandika juu ya nakala ya kwanza. Soma hashi ya faili ileile kwenye kadi mara mbili. Kama kadi inatoa jibu moja mara zote mbili, tatizo liko upande wa nakala: badilisha kebo au diski, nakili faili hiyo upya. Kama kadi yenyewe inatoa majibu mawili tofauti, tatizo ni kisoma kadi au kadi, na hapo tumia kisoma kadi kingine kabla ya lolote. Na ukikutana na hashi d41d8cd98f00b204e9800998ecf8427e, ijue kwa sura: hiyo ndiyo MD5 ya faili tupu, isiyo na hata baiti moja.

Sasa A005 ina nakala mbili zilizothibitishwa. Je, kazi imekwisha? Bado, na hapa ndipo daftari la teki linapoonyesha thamani yake. Hashi inakuambia kuwa nakala ni sawa na kadi. Haikuambii kama kadi ina kile mwongozaji anachodhani inacho.

Daftari la A005 linasema sini ya 12, teki 11. Folda ina faili 12. Tofauti ya moja mtu anaweza kuipuuza, akidhani mpiga picha alibonyeza kujaribu. Ukifungua faili, nane za kwanza ni sahihi, kila moja inaanza na klapa. C0009 ina sekunde mbili tu. C0010 inaonyesha mchanga, miguu ya watu na mtu wa vipodozi akipita. C0011 na C0012 vivyo hivyo. Mpiga picha alibonyeza kitufe mara mbili kwenye teki ya tisa: kamera ikaanza, ikazima. Mwongozaji alipokata, yeye alibonyeza azime, kumbe ndiyo akawasha. Tangu hapo kamera ilirekodi mapumziko na kulala wakati wa uigizaji. Teki ya 9, 10 na 11 hazipo popote, na hashi zote zinalingana.

Likigunduliwa saa nane mchana, waigizaji wakiwa bado na mavazi na jua halijahama sana, ni nusu saa ya kurudia. Likigunduliwa na mhariri wiki mbili baadaye, sini imevunjika. Kwa sababu hiyo kila faili inafunguliwa kutoka kwenye nakala, mwanzoni, katikati na mwishoni, na sauti inasikilizwa. Klapa inasomwa na kulinganishwa na daftari: sini, shoti, teki, jina la kadi. Daftari nalo lisiwe na namba tupu. Msimamizi wa mwendelezo anaandika urefu wa teki kwa makadirio, ipi mwongozaji ameipenda, na ipi iliharibika na kwa nini. Teki iliyoharibika pia inapewa namba. Mtu akiiruka namba kwa sababu teki haikufaa, hesabu ya faili haitakubaliana na daftari, na kipimo chako pekee cha kujua kilichokosekana kimepotea.

Baada ya hapo teipu nyekundu inatoka, ya kijani inabandikwa, na ni mtu wa data peke yake mwenye ruhusa ya kuibadilisha. Mpiga picha akipokea kadi ya kijani anaifomati ndani ya kamera yenyewe, kwa sababu kamera ndiyo inayojua kuipanga inavyotaka.

Kama kadi zinatosha, mimi nisingeifomati siku hiyo. Diski mbili zilizo kwenye begi moja, ndani ya gari moja, zinaweza kuibiwa au kuungua pamoja. Moja iende na mtayarishaji, nyingine na mtu wa data, na nakala ya tatu ifanyike usiku kwenye diski itakayolala kwingine. Mtandao hausaidii sana hapa: gigabaiti 112 kwa kasi ya kupandisha ya megabiti 10 kwa sekunde ni saa 25, na kesho asubuhi kuna kadi nyingine. Asiye na bajeti ya diski ya tatu aiache kadi yenyewe iwe nakala ya tatu, ikiwa imefungwa na teipu yake nyekundu, mpaka mhariri afungue diski yake na kuthibitisha kwamba A005 ipo nzima.