Kufuta anga pichani: gharama iko ukingoni

Chukua picha ya Kilimanjaro iliyopigwa kutoka Amboseli, migunga ikiwa mbele, kwa kamera ya megapikseli 24. Ni pikseli 6,000 kwa 4,000. Kila pikseli ina namba tatu, yaani nyekundu, kijani na bluu, na kila namba ni baiti moja; picha isiyobanwa ni MB 72. Ukifuta anga unahitaji namba ya nne, alfa, inayosema pikseli inaonekana kiasi gani, kuanzia 0 hadi 255. Faili linapanda hadi MB 96.

JPEG haina nafasi ya namba hiyo ya nne, kwa hiyo ukihifadhi humo anga itarudi ikiwa rangi tupu, mara nyingi nyeupe. Tumia PNG au TIFF. Alfa yenyewe hubanwa vizuri kwa sababu karibu yote ni 0 au 255, kwa hiyo diski si tatizo kubwa.

Kazi iko pale anga na ardhi zinapogusana. Upeo ulionyooka, wenye ukingo wa pikseli tatu, ni pikseli 18,000 tu kati ya milioni 24. Majani ya mgunga yanaweza kuzifikisha 600,000, na hata hizo ni asilimia 2.5 ya picha. Muda wako karibu wote utaishia humo.

Tazama pikseli moja ya ukingo wa jani, nusu jani na nusu anga. Bluu ya jani ni 30, ya anga ni 246, na kamera imerekodi wastani wake, 138. Umeipa alfa ya asilimia 50, sawasawa kabisa. Sasa weka chini yake anga ya machweo yenye bluu 60. Unapata nusu ya 138 na nusu ya 60, yaani 99. Ilitakiwa nusu ya 30 na nusu ya 60, yaani 45. Anga uliyodhani umeifuta bado imo ndani ya rangi ya jani, na mti mzima unazungukwa na uzi wa samawati.

Kulainisha ukingo hakuondoi uzi huo. Kinachotakiwa ni kuitoa anga kwenye rangi. Toa nusu ya 246 kwenye 138, zinabaki 15. Gawa kwa 0.5, unarudi kwenye 30. Programu za kuhariri hufanya hesabu hiyo zikiambiwa zisafishe rangi ya ukingo. Theluji ya kileleni, ikigusana na wingu jeupe, haikupi alfa ya kuanzia hesabu hii, kwa kuwa rangi hazitofautiani. Hapo chora ukingo kwa mkono.

Kabla ya kuhifadhi, weka tabaka jeusi chini ya kipande chako, vuta hadi asilimia 200, kisha kagua matawi. Na usifute pikseli za anga moja kwa moja: zifiche kwa maski, uhifadhi na faili la asili, maana rangi iliyokwisha kufutwa haitakuwepo siku utakapotaka kurekebisha ukingo.