Sufuria Moja kwa Nyumba Ishirini

Mtu mwenye shilingi elfu ishirini na saa tatu za jioni akiomba ushauri wa biashara, mara nyingi hutajiwa chipsi, mitumba au uwakala wa pesa za simu. Zote ni biashara za kweli, lakini hazimfai yeye. Mitumba huwapa faida wanaowahi sokoni alfajiri balo linapofunguliwa, na saa hizo yeye yuko njiani kwenda kazini. Wakala asiye na floti ya kutosha huwarudisha wateja, na wateja wakirudishwa mara mbili huhamia kwingine. Chipsi zinadai kabati, mafuta mengi na mtu wa kusimama jikoni hadi usiku mkubwa.

Wazo linalomfaa mtu huyu analipata mtaani kwake, saa zilezile anazorudi nyumbani. Apite taratibu kati ya saa kumi na mbili na saa tatu usiku, aangalie ni kazi gani kila nyumba inaifanya peke yake wakati ingekuwa rahisi zaidi kufanywa mara moja kwa wengi. Kazi hiyo iwe ya kila siku, na sehemu yake ndefu iweze kwenda yenyewe bila mtu kusimama juu yake. Na kitu kinachobaki kisipouzwa kiwe kitu ambacho familia yake inaweza kukila.

Katika mitaa mingi ya Dar es Salaam, kazi moja inayotimiza yote hayo ni kuchemsha maharage. Si maharage yaliyoungwa kwa nazi. Ni ya kuchemshwa tu, ambayo mnunuzi anakwenda kuyaunga kwake kwa kitunguu na nyanya zake.

Tuone hesabu ya mnunuzi kwanza, maana yeye ndiye anayeamua kama wazo lina uhai. Tuseme kilo ya maharage ni shilingi 3,000. Mama anayepika robo kilo anatumia maharage ya 750, lakini mkaa wa kuyaivisha unaweza kumla 1,500, kwa kuwa jiko haliulizi ndani ya sufuria kuna robo au kilo nzima. Jumla ni 2,250, na bado ana saa mbili za kusubiri watoto wakiuliza chakula. Robo hiyo ikiiva inakuwa zaidi kidogo ya nusu kilo. Akinunua vipimo viwili vya gramu 300, kila kimoja kwa 800, analipa 1,600 na anakula mapema. Pale ambapo kununua ni nafuu kuliko kujifanyia mwenyewe, hakuna haja ya kumbembeleza mtu. Lakini kama mtaani kwako wengi wanapikia gesi, au mkaa ni wa bei ndogo, rudia hesabu hii kwa bei za kwenu kabla ya kununua hata punje moja.

Sasa upande wa muuzaji. Tumchukue mhudumu wa ofisi anayeishi Mbagala, anayetoka kazini saa tisa na nusu na kufika nyumbani saa kumi na moja jioni. Jioni ya kwanza anapika kilo moja tu. Maharage ni 3,000, mkaa 1,500, maji na chumvi 250. Anapata vipimo saba, anauza kwa 5,600, na kinachobaki ni 850. Asivunjike moyo, maana jioni hiyo hakutafuta faida. Alitaka kujua kama watu watanunua, na nani atarudi kesho kuulizia.

Wakirudi, anapanda hadi kilo nne, na sufuria kubwa anaweza kukodi kwa wanaokodisha vyombo vya shughuli kabla ya kufikiria kununua. Hapo maharage ni 12,000, lakini mkaa unapanda hadi 2,000 tu, na maji, chumvi na ukodi tuweke 1,000. Jumla 15,000. Kilo nne kavu hutoa karibu kilo tisa zilizoiva. Ukitoa yanayomwagika na ya kuonjesha, anabaki na vipimo 28, yaani shilingi 22,400, na faida 7,400. Faida yote imetoka kwenye mkaa: moto wa nyumba nyingi umewaka kwenye jiko moja.

Aikariri namba moja: 19. Akiuza vipimo 19 amerudisha gharama zake. Akibakiwa na tisa, amefanya kazi bure jioni nzima. Kwa hiyo asiongeze kilo ya tano kwa sababu jana yaliisha. Aongeze yakishaisha mapema kwa siku kadhaa mfululizo, na wiki ya mishahara apunguze, maana watu wakiwa na fedha mfukoni hukimbilia nyama na samaki.

Muda anaupata kwa kuloweka. Anapoamka alfajiri anayaweka maharage kwenye ndoo yenye maji mengi, mahali penye kivuli. Akirudi anayamwaga maji hayo, anasuuza na kubandika kwa maji mapya. Joto la pwani ni kali, kwa hiyo akikuta povu na harufu ya uchungu ndoo ile imeshaanza kuchacha, na haifai kuuziwa mtu. Moto uwe mkali mwanzoni, maji yatokote kwa nguvu si chini ya dakika kumi. Maharage, hasa mekundu, yana sumu ya asili inayovunjwa na mtokoto wa kweli, na moto wa kuvuguvugu hauitoshi. Baada ya hapo anaweza kupunguza makaa na kufanya kazi nyingine hadi yaive.

Kinachoharibu siku ni maharage yasiyoiva. Mara nyingi ni ya zamani, yaliyokaa ghalani kwenye joto na unyevu mpaka punje zikawa ngumu, na hayo hata saa nne za moto hayayalegezi. Ukinunua gunia au debe kwa mkumbo bila kujaribu, umeutia mtaji wote hatarini. Nunua robo kwanza, chemsha, bonyeza punje kwa vidole. Maji nayo yana lake: ya kisima yenye madini mengi, kama yalivyo mengi ya pwani, huchelewesha kuiva. Ndimu au nyanya zikitiwa mapema hufanya vivyo hivyo.

Yasiyouzwa usiku huo yasilale nje ya friji yakisubiri wateja wa kesho. Yaliwe, au yagandishwe. Na kwa kuwa mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Tanzania tangu 1 Juni 2019, waambie wateja waje na bakuli zao. Watazoea haraka, nawe hutabeba gharama ya vifungashio. Kabla ya kupanua, fika ofisi ya serikali ya mtaa uulize taratibu za kupima afya kwa wanaouza chakula, na mweleze mwenye nyumba kuhusu moshi ili asije akakuzimia jiko siku ya wateja wengi.

Mkopo kwa wateja usiutoe, hata kwa jirani wa mlango wa pili. Kwa faida ya takribani shilingi 260 kwa kipimo kimoja, bakuli moja lisilolipwa linahitaji vipimo vitatu vingine kulifidia. Ni heri umpe kidogo cha bure mwenye shida, ukijua umetoa, kuliko kuandika deni utakalokuja kugombana nalo.

Kama mtaa wenu tayari una muuzaji wa maharage, usimfuate. Rudi barabarani jioni, tazama tena. Kisamvu cha kutwanga kinapita mtihani uleule: kila nyumba inakihitaji, kukitwanga kunachosha, na kinu kimoja kinatosha kwa wengi.